Mtoto kapona, fomu ya bima imerudi

MTOTO wa miaka minne aliugua usiku, familia ikiwa Morogoro kwa bibi. Hospitali ya karibu haikuwa kwenye orodha ya bima ya kazini kwa baba, hivyo mama akalipa taslimu Sh96,000. Waliporudi Dar es Salaam, wazazi walijaza fomu ya madai ili warejeshewe fedha zao. Wiki tatu baadaye fomu ikarudishwa kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni risiti. Ilisema tu "matibabu, 96,000". Bima hailipi jumla, hulipa kila huduma kwa kiwango chake. Ikabidi mama aombe hospitali mchanganuo wa bili: kumwona daktari 20,000, kipimo cha damu 6,000, picha ya kifua 30,000 na dawa 40,000. Mzazi, omba mchanganuo huo kabla hujaondoka dirishani, pamoja na risiti ya EFD. Kisha zipige picha kwa simu, maana maandishi ya risiti hizo hufifia, hasa zikikaa kwenye joto.

Ya pili ni maelezo ya ugonjwa, sehemu inayojazwa na daktari. Iliandikwa "homa na kikohozi". Hizo ni dalili, si ugonjwa. Anayekagua madai hakumwona mtoto, hivyo akauliza: kwa kikohozi tu, picha ya kifua ilikuwa ya nini? Kumbe picha ilionyesha nimonia, na ndiyo iliyopaswa kuandikwa, ikiwa na tarehe, sahihi na mhuri. Baba alitamani kuongeza neno hilo mwenyewe. Bahati nzuri hakufanya hivyo, kwani mwandiko wa pili kwenye sehemu ya daktari huonekana kama udanganyifu. Fomu ilirudi kwa daktari aliyemtibu.

Ya tatu ni benki. Kwa kuwa mama ndiye aliyelipa, aliandika akaunti yake. Lakini mwanachama mkuu ni baba, na bima yao humlipa yeye tu, kwa akaunti yenye jina linalofanana na la kwenye kadi ya bima. Baba naye nusura aandike namba iliyo usoni mwa kadi ya ATM. Hiyo ni namba ya kadi, si ya akaunti.

Mkataba wao uliwapa siku 60 tangu tarehe ya matibabu. Fomu iliyosahihishwa ilifika siku ya 52.

Walirejeshewa Sh84,000. Kiwango cha bima cha kumwona daktari kilikuwa 12,000, na vitamini za 4,000 hazikuwamo kwenye mkataba. Hiyo Sh12,000 iliyobaki haikuwa kosa la fomu, na barua ya malipo iliieleza mstari kwa mstari.