Depo ya maharagi na kontra ya shirika

Kijana wa Kasugho mara nyingi hana riziki moja. Mtu aliyesoma pale kwenye chuo kikuu cha uhifadhi na maendeleo, kile kilichozaliwa na kazi ya kulinda gorila wa Tayna, hushuka Butembo na diploma mkononi, lakini wakati anangoja kazi hafungi mikono. Wakati wa mavuno ananunua maharagi kwa wakulima wa kwao, anayapakia kwenye gari na kuyaweka katika depo mjini mpaka bei ipande. Halafu siku moja shirika la misaada linatangaza kazi: msimamizi wa manunuzi, kontra ya miezi sita inayoweza kuongezwa. Kijana anapeleka barua, anafaulu mtihani, anaitwa kwa mahojiano. Je, aseme habari ya depo? Na kama atasema, aseme lini?

Mimi naona aseme kabla ya kutia sahihi, na aseme kwa maandishi. Wengi husema kinyume: "Usiwaambie, watakunyima kazi. Utasema ukishaingia." Shauri hilo linasikika kuwa la busara, ila udhaifu wake unaonekana mara tu mtu anapofuata jinsi mashirika yanavyonunua vitu.

Mradi ukihitaji maharagi, idara yake hujaza ombi la manunuzi. Msimamizi wa manunuzi ndiye anayezunguka sokoni kutafuta proforma tatu kwa wafanyabiashara watatu tofauti. Akizipata anachora jedwali la kulinganisha bei, ubora na siku za kuleta mzigo, kisha kamati inachagua. Wanakamati wengi hawajawahi kufika kwenye depo zile. Wanachokijua ni kilichoandikwa kwenye jedwali.

Tuseme sasa kijana wetu ameshaingia kazini na amenyamaza. Ombi la magunia 200 linatoka. Wafanyabiashara wawili wanatoa bei ya dola 87 na dola 84 kwa gunia. Proforma ya tatu inatoka kwenye depo yake, inayosimamiwa na shemeji yake: dola 80. Kamati inachagua ya 80. Maharagi ni mazuri, uzani umetimia, shirika limeokoa dola 800 kuliko kama lingenunua kwa dola 84. Kijana anaweza kuapa kwamba hakuiba hata franga moja, na huenda ni kweli.

Lakini aliziona bei za wenzake kabla ya depo yake kuandika yake. Pengine angeuza hata kwa dola 76, akapandisha mpaka 80 kwa sababu alijua inatosha kushinda. Pengine hakufanya hivyo. Hakuna atakayejua, na yeye hana njia ya kulithibitisha. Wale wawili walioshindwa wanaijua depo hiyo ni ya nani, maana Butembo ni mji wa biashara na watu hujuana. Malalamiko yatafika kwa mkubwa wa ofisi, na barua ya kwanza itakayotajwa ni ile ambayo kijana hakuiandika.

Watu wa Beni na Butembo wanakumbuka kwa nini jambo kama hili huchukuliwa kwa ukali. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, fedha nyingi ziliingia na magari ya kukodi yakatafutwa kwa wingi. Watu wakaanza kusema "Ebola business", na moja ya malalamiko makubwa ilikuwa kwamba baadhi ya waliohusika na kazi ile walikodisha magari yao wenyewe au ya ndugu zao. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, lakini imani ya watu ilikuwa imeshavunjika, na imani hiyo ilihitajika katika kuokoa watu. Ndiyo maana sioni fomu ya mgongano wa masilahi ambayo mashirika huwapa wafanyakazi kujaza kuwa karatasi ya usumbufu tu.

Turudi nyuma, kabla ya sahihi. Hakuna haja ya kuiweka depo kwenye barua ya kuomba kazi, kwa sababu hapo haijulikani hata kama mtu atachaguliwa. Mahali pake ni mahojiano, au siku anapopewa habari kwamba amechukuliwa. Aseme wazi: "Kabla hatujaandika kontra, nina depo ya maharagi hapa mjini. Ningependa mlijue hilo na tuone linagusa wapi kazi hii." Halafu apeleke barua fupi, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe.

Barua hiyo iseme vitu vinavyoweza kukaguliwa: jina la biashara na karatasi zake, hata kama ni patente tu, sehemu yake ni ipi na ya shemeji ni ipi, inauza nini na kwa nani, hasa kama imewahi kuuzia mashirika, nani anaisimamia saa za kazi. Mwisho aandike anachojitolea: depo haitatoa proforma kwa shirika hili, na ununuzi wowote wa chakula utashughulikiwa na mwenzake, yeye akae nje ya jedwali na nje ya kamati.

Ikija kabla ya kontra, barua hiyo ni habari, na mwajiri anaweza kuipanga kazi upya kwa gharama ndogo. Maneno yale yale yakija baada ya malalamiko yanakuwa ungamo.

Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri anayemfukuza mtu kwa kosa zito amwandikie ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Mtu mwenye nakala ya barua iliyopokelewa siku ya kuajiriwa anaweza kuionyesha mbele ya mkaguzi wa kazi na kusema: "Walijua tangu siku ile, hawawezi kusema leo kwamba niliwaficha depo." Lakini nakala hiyo haimkingi akiivunja ahadi yake mwenyewe. Kujulisha si kupewa ruhusa ya kuuza.

Kuna wanaoandikisha depo kwa jina la mke wakidhani wamemaliza. Fomu nyingi za mashirika huuliza pia juu ya mwenzi wa ndoa na ndugu wa karibu, na ni sawa, kwa sababu faida inaingia kwenye nyumba ile ile. Kubadilisha jina juma moja kabla ya mahojiano kunaongeza ushahidi kwamba mtu alijua tatizo lipo. Na kwa kuwa kwetu "ndugu" ni neno pana, ni afadhali kuuliza fomu inamaanisha nani hasa kuliko kujikatia mpaka mwenyewe.

Inawezekana pia mwajiri akasema: chagua. Hilo linauma, na si kila mara kontra ndiyo ya kuchaguliwa. Miezi sita inapita haraka, na mradi unaweza kufungwa kabla ya mavuno mengine, wakati wateja wa depo waliopotea hawarudi kwa siku moja. Lakini mtu anayechagua kabla ya sahihi anachagua akiwa bado na vyote viwili mezani. Anaweza hata kuomba kazi nyingine katika shirika hilo hilo, ya kuhamasisha jamii au kufuatilia miradi, ambayo haigusi manunuzi kabisa.

Akikubaliwa, barua ile isiachwe kwenye faili. Biashara hubadilika: mwezi wa tatu wa kontra shemeji anaingiza mashuka ya plastiki na sabuni, vitu ambavyo mashirika hununua kwa ajili ya wakimbizi. Siku hiyo iandikwe nyingine, yenye mistari miwili, kabla ombi la mashuka halijafika mezani kwake.