Kipimo cha Uwiano, na Mahali Kinapokwama

Tazama jumla hii isiyokwisha: 1/2 + 2/4 + 3/8 + 4/16 + … Je, itatulia kwenye namba fulani? Gawanya kila namba kwa iliyoitangulia: uwiano ni (n+1)/2n, nao husogea kuelekea 1/2.

Ufundi wote uko hapa: chagua namba iliyo kati ya 1/2 na 1, tuseme 3/4. Kuanzia namba ya pili, uwiano hauzidi 3/4 kamwe. Namba ya pili ni 1/2. Basi ya tatu haizidi 1/2 × 3/4, ya nne haizidi 1/2 × 3/4 × 3/4, na kuendelea. Huo ni mfululizo wa kijiometri, na jumla yake ni 1/2 ÷ (1 − 3/4), yaani 2. Ongeza namba ya kwanza: jumla yetu hupanda tu, lakini haivuki 2.5, kwa hiyo lazima itulie. Hutulia kwenye 2 kamili.

Uwiano ukielekea namba inayozidi 1, namba zenyewe hukua na jumla haitulii. Ukielekea 1 yenyewe, hakuna tena nafasi ya kupenyeza namba kati yake na 1, na uthibitisho hukwama. Katika 1 + 1/2 + 1/3 + … uwiano huelekea 1, na jumla hukua bila mwisho: 1/3 + 1/4 huzidi 1/2, nne zinazofuata pia, nane zinazofuata pia. Katika 1 + 1/4 + 1/9 + … uwiano huelekea 1 vilevile, lakini Euler alionyesha kuwa jumla ni π²/6.