Kujifunza Udereva Ukubwani: Kinachonunuliwa ni Saa za Usukanini

Wakazi wengi huanza kujifunza udereva wakiwa na umri wa miaka 35, 40 au zaidi, mara nyingi baada ya familia kununua gari au kazi kudai leseni. Mtu wa umri huo huja darasani akiwa na akiba kubwa. Amekuwa abiria na mwenda kwa miguu kwa miaka mingi, hivyo anazifahamu hatari za barabara na huelewa upesi maelezo ya mwalimu. Kinachomchelewesha ni miguu na mikono, kwa sababu viungo havijifunzi kwa maelezo. Hujifunza kwa kurudia kitendo kilekile hadi kifanyike bila kufikiriwa. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa shule yoyote ya udereva liwe hili: mwanafunzi atashika usukani kwa saa ngapi?

Shule nyingi hutangaza mafunzo kwa wiki, na tangazo hilo huweza kupotosha. Uchukuliwe mfano wa mkazi mwenye umri wa miaka 43 anayelinganisha shule mbili. Shule ya kwanza inatoza shilingi 150,000 kwa wiki tatu, yaani siku 15 za somo la saa moja. Alipouliza zaidi alielezwa kwamba gari moja hubeba wanafunzi wanne wanaopokezana. Kila mmoja basi huendesha dakika 15 kwa siku, na jumla yake ni saa tatu na dakika 45. Shule ya pili inatoza shilingi 250,000 kwa siku 20, na kila mwanafunzi huendesha nusu saa kila siku, yaani saa 10. Hesabu ikipigwa, saa moja ya usukani katika shule ya kwanza inagharimu shilingi 40,000, na katika shule ya pili shilingi 25,000. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, na mwanafunzi wake angefika kwenye mtihani akiwa bado hajaizoea klachi.

Kabla ya kulipa, mkazi aombe kuona kibali cha shule na leseni ya mwalimu, kisha alitazame gari lenyewe. Gari la mafunzo linapaswa kubeba alama ya L mbele na nyuma, na liwe na breki ya pili upande wa mwalimu. Magari mengi ya shule huwa pia na klachi ya pili. Vikanyagio hivyo huokoa maisha, lakini huweza pia kumficha mwanafunzi udhaifu wake. Mwalimu mwenye haraka humsaidia kwa mguu wake kila gari linapotaka kuzimika, na mwanafunzi huamini kwamba ameweza. Njia ya kutambua ni kumwomba mwalimu, katikati ya mafunzo, aondoe miguu kwenye vikanyagio kwa somo zima katika eneo tulivu. Gari likianza kuzimika mara kwa mara siku hiyo, maana yake ni kwamba mwanafunzi bado anahitaji mazoezi zaidi.

Jambo la pili la kupanga ni muda. Mwanafunzi anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 18, awe na namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN), na apate leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena. Leseni hiyo hulipiwa shilingi 10,000 kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na hudumu kwa miezi mitatu. Kwa kuwa muda huhesabiwa tangu siku ya kutolewa, si busara kuichukua mkulima akiwa amekaribia msimu wa kupanda, au mfanyabiashara akiwa anajiandaa kwa safari. Yule mkazi wa mfano, akijifunza siku tano kwa wiki, atamaliza siku 20 ndani ya wiki nne. Hapo atabakiwa na takribani wiki tisa za mazoezi ya ziada na mtihani. Katika kipindi chote hicho haruhusiwi kuendesha peke yake.

Mtihani husimamiwa na Polisi wa Usalama Barabarani. Ada yake ni shilingi 3,000, na huwa na maswali ya sheria na alama za barabarani pamoja na uendeshaji wenyewe. Alama ni rahisi kukumbukwa zikipangwa kwa maumbo. Pembetatu yenye mpaka mwekundu huonya juu ya kitu kilicho mbele. Duara lenye mpaka mwekundu hukataza, na duara la buluu huamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, na pembetatu iliyogeuzwa chini humtaka dereva atoe nafasi kwa wengine. Mwanafunzi anayejua maumbo haya huweza kukisia maana hata ya alama asiyoikumbuka. Ajue vilevile kwamba mwendo katika maeneo ya makazi hauzidi kilomita 50 kwa saa, na kwamba anayeingia kwenye kipilefti huwapisha walio tayari ndani, wanaotokea upande wake wa kulia.

Kwa upande wa vitendo, kuondoka kwenye mlima ndiko kunakowatatiza wengi. Gari likiwa limesimama na breki ya mkono imevutwa, dereva hukanyaga klachi, huingiza gia namba moja, kisha hukanyaga mafuta kidogo. Baada ya hapo huiachia klachi taratibu hadi inaposhika. Dalili zake ni mbili: muungurumo wa injini hubadilika na kuwa mzito, na sehemu ya mbele ya gari huinuka kidogo. Mguu wa klachi hutulia hapo hapo, ndipo breki ya mkono ikaachiwa. Gari likirudi nyuma, breki imeachiwa kabla klachi haijashika. Likizimika, klachi imeachiwa ghafla au mafuta hayakutosha. Kukitokea harufu ya kuungua, mafuta yamezidi huku klachi ikiwa nusu kwa muda mrefu. Mwanafunzi anayeweza kutaja kosa lake kwa dalili hizi huweza kujirekebisha bila kusubiri kuambiwa.

Kosa jingine ni kusahau vioo. Kabla ya kuondoka, kugeuka au kubadili njia, dereva hutazama vioo, huwasha indiketa, kisha hutazama tena. Hofu ya mtihani humfanya mtu akodolee macho barabara ya mbele tu, na msimamizi hulitambua hilo kwa urahisi. Tabia hiyo hujengwa tangu somo la kwanza, maana haiwezi kuanza siku ya mtihani.

Anayefaulu hupewa na polisi hati ya umahiri, ambayo huipeleka TRA ili apigwe picha, achukuliwe alama za vidole na kulipia leseni. Ada ya leseni ni shilingi 70,000 kwa miaka mitano. Viwango vya ada huweza kubadilishwa na sheria, hivyo vithibitishwe kabla ya kulipa. Atakayejitokeza kuuza leseni bila mtihani akataliwe. Anauza kadi tu, na mnunuzi wake ataingia barabarani bila kujua kulizuia gari lisirudi nyuma mlimani.

Kwa maelezo zaidi, wakazi wanashauriwa kufika kitengo cha usalama barabarani katika kituo cha polisi cha wilaya au ofisi ya TRA iliyo karibu, wakiwa na kitambulisho cha taifa.