Siku 371 angani: mwili unapoacha kulinda kisichotumika

Tarehe 27 mwezi wa tisa mwaka 2023, Frank Rubio, mwanaanga wa Marekani ambaye pia ni daktari, alitua Kazakhstan baada ya siku 371 angani. Alikuwa ameondoka kwa safari ya miezi sita hivi, lakini chombo cha Urusi kilichompeleka kilivuja maji ya kupooza mitambo, ikabidi asubiri kingine. Waokoaji walimtoa ndani kwa kumshika na kumketisha kwenye kiti.

Kituo cha kimataifa cha anga kiko kilometa 400 hivi juu yetu, mahali ambapo mvutano wa dunia bado una nguvu. Lakini kituo kinaizunguka dunia kikiendelea kuanguka pamoja na watu waliomo, ndiyo sababu hawasikii uzito wao.

Majimaji ya mwili ndiyo hubadilika kwanza. Hapa chini uzito huyavuta miguuni. Kule juu yanapanda: uso unavimba, miguu inakonda, pua inaziba. Mwili unadhani una maji kupita kiasi, basi damu inapungua. Siku ya kurudi, damu hiyo kidogo inashuka miguuni na mtu akisimama anaona kizunguzungu. Kwa hiyo kabla ya kutua, wanaanga hunywa maji yenye chumvi na kuvaa nguo za kubana miguu.

Misuli inafuata, hasa ya mapaja, ya mgongo na ya nyuma ya mguu, ile inayotusimamisha kila siku. Bila mzigo wa kubeba, inasinyaa.

Mifupa inachelewa kuonyesha hasara, lakini kwao ni kubwa zaidi. Ndani ya mfupa kuna seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga, na uzito wa mwili ndio unaozichochea hizo za kujenga. Uzito ukikosekana, kubomoa kunashinda. Pasipo mazoezi ya kutosha, mfupa wa nyonga unaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi, karibu sawa na anachopoteza mzee kwa mwaka mzima. Kalisi inayotoka humo inapitia kwenye figo, na inaweza kufanya mawe.

Dawa yao kubwa ni mazoezi, karibu saa mbili kila siku: kukimbia huku wamefungwa mikanda inayowavuta chini, kuendesha baiskeli, na kusukuma mashine inayotumia mitungi isiyo na hewa badala ya vyuma vizito.

Hata hivyo hayatoshi kwa wote. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, uliotolewa mwaka 2022, ulifuatilia wanaanga 17. Mwaka mmoja baada ya kurudi, misuli ikiwa imepata nguvu tena, 9 kati yao mfupa wa mguu chini ya goti ulikuwa bado haujarudi ulivyokuwa. Safari ya Mars, kwenda na kurudi, ingechukua miaka miwili au zaidi.