Utumbo Uliolala

"Umeshatoa upepo?" Nesi humuuliza hivyo kila asubuhi mgonjwa aliyepasuliwa tumbo, na jamaa waliosimama kando ya kitanda huangalia chini kwa haya. Swali ni la maana, ila wengi wameligeuza sheria: bila upepo, hakuna kula.

Utumbo ukishashikwashikwa kwenye upasuaji, hulala. Kwanza neva huuamuru utulie. Baada ya saa chache misuli yake huvimba, na sindano za mofini huzidi kuupoozesha. Madaktari huiita hali hii ileasi. Lakini utumbo hauamki wote kwa pamoja. Utumbo mwembamba huanza kusukuma ndani ya siku moja hivi, mfuko wa chakula huchukua siku moja hadi mbili, na utumbo mpana huwa wa mwisho, siku ya 3 au hata baadaye. Upepo hutoka kwa huyu wa mwisho. Kumngojea yeye ndipo mgonjwa aonje uji ni kumlaza njaa bure.

Chukua mzee ambaye henia yake ilinasa, kipande cha utumbo kikakatwa na ncha mbili zikashonwa pamoja. Kesho yake hana kichefuchefu, basi daktari anamruhusu maji, vijiko vichache kwa wakati, kisha chai na uji mwepesi. Anasaidiwa kukaa na kutembea wodini. Wengine hupewa hata chingamu, kwa kuwa kutafuna huuashiria utumbo kwamba chakula kinakuja.

Siku ya 2 tumbo linajaa kama ngoma, anacheua, kisha anatapika maji ya kijani. Hapo kula kunasimama. Anaingizwa mpira puani wa kutoa maji yaliyojaa, anawekewa dripu, na damu inapimwa potasiamu, maana potasiamu ikipungua misuli ya utumbo hulegea. Mofini inapunguzwa, parasetamoli inashika nafasi yake. Siku ya 4 anatoa upepo na kuomba uji mwenyewe.

Kuchelewa huku ni usumbufu tu. Kinachonitisha mimi ni mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu halafu akarudi nyuma. Mshono wa utumbo ukivuja, mara nyingi huwa siku ya 5 hadi ya 7, pengine ameshafika nyumbani: homa inapanda, moyo unakwenda mbio kupita mara 100 kwa dakika akiwa amelala tu, maumivu yanazidi, tumbo linakuwa gumu, halitaki kuguswa. Na aliyekuwa akitoa upepo, ukakatika, huku tumbo likimnyonga kwa vipindi na akitapika, huenda utumbo wake umejisokota au umeziba.

Huyo asipewe dawa ya kumharisha wala chakula cha kumtia nguvu. Arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na aliyempeleka aeleze alipasuliwa lini na alishonwa nini.