Ua la Barcelona chini ya viatu

Ukiletewa picha ya njia ya waenda kwa miguu isiyo na kibao wala duka, tazama vigae kwanza. Kigae cha saruji cha mraba, chenye ua la petali nne lililozama katikati, kinaelekeza Barcelona. Wenyeji hukiita panot. Vikiwa na pembe sita na michoro ya viumbe vya baharini, huenda uko barabara ya Passeig de Gràcia, kwa kigae alichokibuni Gaudí.

Ua pekee halitoshi, kwa sababu vigae hunakiliwa. Hapo ndipo ukingo wa barabara unapofaa. Panot ya kawaida ina sentimita 20 kila upande, hivyo inakuwa rula yako. Chukua kigae kinachogusa ukingo, pima upande wake unaokwenda sambamba na ukingo, kisha ulinganishe na kimo cha ukingo papo hapo. Kimo kikifika robo tatu ya upande huo, ni takriban sentimita 15. Usitumie kigae cha mbali: kamera hukipunguza, na kipimo chako kitakosea.

Kimo hicho kilinganishe na picha za mtaa unaoushuku kabla hujautaja.