Rezista Nne na Volti ya Uongo

Fundi anataka kujua mkondo unaotoka kwenye betri ya volti 12. Anaweka rezista ndogo kwenye waya chanya. Juu yake zinaonekana milivolti 50 tu. Amplifaya ya tofauti, yenye rezista nne za kiloomu 10, inapaswa kutoa hizo 50 na kuzipuuza volti 12 zilizo pande zote mbili.

Inazipuuza kabisa pale tu uwiano wa jozi moja ya rezista unapolingana na wa nyingine. Rezista za asilimia 1 zikikosea vibaya kabisa, asilimia 2 ya volti 12 hupenya: milivolti 240, karibu mara tano ya kipimo chenyewe!

Kuijua kasoro ni rahisi: unganisha viingilio vyote viwili na chanya ya betri. Tokeo lisiposoma sifuri, shuku rezista kwanza.